Mlima Haulipwi na Mteremko: Hesabu ya Kasi ya Wastani

Nataka tuitazame pamoja hesabu moja ndogo iliyotutega darasani muhula uliopita. Swali lilikuwa hivi: mtu mmoja alipanda mlima kwa baiskeli kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa, akarudi kwa njia ile ile akishuka kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa. Je, kasi yake ya wastani kwa safari yote ilikuwa ngapi?

Wengi wetu hatukusita hata kidogo. Tulijumlisha 6 na 30 tukapata 36, tukagawanya kwa 2, tukaandika 18. Mimi nami nilikuwa miongoni mwao. Mwalimu aliporudisha karatasi zetu, ile 18 ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni yake ameandika 10. Kulitokea makelele darasani. Mmoja wetu alisimama akauliza, "Mwalimu, wastani wa namba mbili si nusu ya jumla yake?" Mwalimu akajibu, "Ndiyo, lakini mimi sikukuulizeni wastani wa namba mbili. Nimekuulizeni wastani wa safari."

Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani, na sikuyaelewa vema mpaka nilipoyalinganisha na barabara ninayoijua.

Kila mtu wa Bujumbura anaijua Barabara ya Taifa namba 1. Inaanzia huku chini karibu na ziwa Tanganyika, mahali penye kimo cha mita 800 hivi juu ya bahari, inapanda kwa kona nyingi mpaka Bugarama, mahali penye baridi na ukungu, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Hapo ndipo barabara inapogawanyika, moja ikienda Kayanza na mpaka wa Rwanda, nyingine ikienda Muramvya na Gitega. Kutoka mjini mpaka Bugarama ni kiasi cha kilomita 35. Mimi nitasema 36, ili hesabu zetu zigawanyike bila taabu.

Katika barabara hiyo kuna vijana wa baiskeli ambao wasomaji wote wamewaona. Asubuhi hushuka kutoka milimani wamefunga mikungu ya ndizi nyuma na ubavuni, au magunia ya mkaa, nao hupita kwenye kona kama upepo. Wakisha kuuza mzigo mjini, hurudi juu na baiskeli tupu, wakikanyaga pale panapokanyagika na kuisukuma kwa mikono pale mlima unapokuwa mkali. Kaka yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, ni mmoja wao. Basi tumchukue yeye awe mtu wa swali letu. Anashuka kwa kilomita 30 kwa saa, anapanda kwa kilomita 6 kwa saa.

Kwanza tulijaribu lile jibu la 18 ili tuone kama linaweza kusimama. Kwenda na kurudi ni kilomita 36 mara mbili, yaani kilomita 72. Kama kasi ya wastani ingekuwa kilomita 18 kwa saa, safari yote ingechukua saa 4 tu, kwa kuwa 72 ukiigawanya kwa 18 unapata 4. Lakini tazama kupanda peke yake: kilomita 36 kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa ni saa 6! Mtu atawezaje kwenda na kurudi kwa saa 4, ikiwa nusu moja tu ya safari imemla saa 6? Kwa hiyo 18 ni jibu la uongo, na uongo wake unaonekana bila hata kujua jibu la kweli.

Sasa tutafute la kweli. Kasi ya wastani ni kitu kimoja tu: umbali wote uliokwendwa, ukigawanywa kwa muda wote uliotumika. Hakuna maana nyingine. Umbali wote tunao, kilomita 72. Muda wa kupanda ni saa 6. Muda wa kushuka ni 36 kugawanya kwa 30, yaani saa 1.2, ambayo ni saa 1 na dakika 12. Muda wote ni saa 7.2. Gawanya 72 kwa 7.2, unapata 10 kamili. Mwalimu hakukosea.

Hata hivyo, kupata jibu si sawa na kuona sababu. Kwa nini ile njia ya kujumlisha na kugawanya kwa 2 imetudanganya? Sababu ni hii. Tulipogawanya kwa 2 tuliipa kila kasi haki sawa, kana kwamba kaka yangu alikaa ndani ya kila kasi kwa muda ule ule. Kilomita ni sawa kwenda na kurudi, ni kweli. Lakini saa si sawa. Katika kasi ya 30 amekaa saa 1 na dakika 12 tu. Katika kasi ya 6 amekaa saa 6, yaani mara tano ya muda ule. Anayekwenda polepole hukaa muda mrefu zaidi katika upole wake, na kwa sababu hiyo ile kasi ndogo huwa na uzito mkubwa zaidi katika wastani.

Gawanya muda wote wa safari katika vipande sita vilivyo sawa, kila kimoja cha saa 1 na dakika 12. Kipande kimoja ni cha kushuka, kasi 30. Vipande vitano ni vya kupanda, kila kimoja kasi 6. Sasa fanya wastani wa vipande hivyo sita: 30, kisha 6, na 6, na 6, na 6, na 6. Jumla yake ni 60. Gawanya kwa 6, unapata 10. Utaona basi kwamba kujumlisha na kugawanya si kosa lenyewe. Kosa ni kuhesabu ile kasi ndogo mara moja, hali ilistahili kuhesabiwa mara tano.

Kutokana na hayo tunajua pia ni lini wastani wa kawaida unafaa. Unafaa pale muda unapokuwa sawa. Mtu akienda saa 1 kwa kasi ya 6, kisha saa 1 nyingine kwa kasi ya 30, amekwenda kilomita 36 kwa saa 2, na wastani wake ni 18 bila shaka yoyote. Kwa hiyo mbele ya swali la namna hii, jiulize kwanza: kilicho sawa ni muda, au ni umbali? Katika safari ya kwenda na kurudi kwa njia moja, kilicho sawa ni umbali.

Wenzetu wanaopenda kutumia herufi wanaweza kuandika hivi. Umbali wa upande mmoja tuuite u, kasi ya kupanda p, kasi ya kushuka s. Muda wa kupanda ni u/p na muda wa kushuka ni u/s. Basi kasi ya wastani ni

2u ÷ (u/p + u/s) = 2ps ÷ (p + s)

Tazama jambo la ajabu: ile u imetoweka! Iwe barabara ni ya kilomita 36 au 3 au 300, jibu ni lile lile. Ndiyo maana mwalimu hakutupa umbali katika swali lake, nasi tulidhani amesahau. Ukiwekea namba zetu, 2 mara 6 mara 30 ni 360, ukigawanya kwa 36 unapata 10. Wanahesabu huuita wastani huu wastani wa hamoniki.

Kosa letu linapita kiasi gani? Ukitoa jibu la kweli katika wastani wa kawaida, unabaki na

(s − p)² ÷ 2(p + s)

Kwetu sisi, 30 kutoa 6 ni 24, na 24 mara 24 ni 576. Ukigawanya kwa 72 unapata 8. Na kweli, 18 kutoa 10 ni 8. Kwa kuwa namba iliyozidishwa kwa yenyewe haiwi chini ya sifuri, jibu la kweli haliwezi kuuzidi wastani wa kawaida hata siku moja. Yatakuwa sawa pale tu kasi mbili zinapolingana.

Hapa pia tunaona kwa nini kosa hili limeishi muda mrefu vichwani mwetu. Chukua basi linalokwenda Rumonge kando ya ziwa, njia isiyo na milima mikubwa. Likienda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 50, wastani wa kawaida ni 55, na wastani wa kweli ni 54 na nusu hivi. Nani ataiona tofauti hiyo? Kosa limejificha kwa sababu kasi mbili zinakaribiana. Lipeleke kosa hilo hilo kwenye mlima wa Bugarama, ambako kasi moja ni mara tano ya nyingine, na utalikuta limekuwa kubwa karibu kama jibu lenyewe.

Mpaka hapa hesabu yetu ilikuwa ya daftari tu. Lakini Jumamosi moja kaka yangu alipofika kwetu baada ya kuuza ndizi zake, nilimwona ana jeraha refu mkononi. Aliniambia kwamba kwenye kona moja alikuwa akishuka kwa mbio nyingi, breki zikakataa kushika, akaona heri ajitupe ukingoni kuliko kuingia chini ya gari lililokuwa likipanda. Mikungu miwili ilipondeka. Mama alimuuliza, "Mwanangu, mbio zote hizo ni za nini?" Naye akajibu, "Mama, kurudi juu kunanila siku nzima. Lazima nifidie muda wangu kwenye mteremko."

Nilichukua kijiti nikaandika mchangani. Nikamwambia, "Kaka, tuseme unashuka kwa 30. Safari yako yote, bila muda wa kuuza, ni saa 7 na dakika 12. Sasa tuseme umeongeza mbio mara mbili, unashuka kwa 60. Kushuka kutachukua dakika 36 badala ya saa 1 na dakika 12. Umeokoa dakika 36. Wastani wako ulikuwa 10, sasa ni karibu 11."

Alinitazama akacheka. "Mdogo wangu, unataka kuniambia kwamba nikishuka mara mbili ya kasi yangu napata kilomita moja tu?"

"Hata hiyo moja haitimii, kaka."

"Na nikishuka kama risasi?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua mwenyewe. Nilimjibu kwamba hata akifumba macho Bugarama na kuyafumbua Bujumbura, bila kutumia hata dakika moja njiani, bado kupanda kutachukua saa 6. Kilomita 72 kwa saa 6 ni wastani wa 12. Hiyo ndiyo dari ya nyumba yake, na hakuna mteremko utakaoipita. Kwa kila mtu dari hiyo ni mara mbili ya kasi yake ya kupanda. Anayepanda kwa 5 hawezi kufikia wastani wa 10, na anayepanda kwa 6 hawezi kufikia 12. Sababu yake ni nyepesi. Aliyetaka wastani wa 12 katika kilomita 72 alikuwa na saa 6 tu mfukoni, na zote amekwisha kuzitumia mlimani. Hakubaki na kitu cha kununulia mteremko.

Kisha nikamwonyesha upande wa pili. Kama angeweza kupanda kwa kilomita 7.2 kwa saa badala ya 6, kupanda kungechukua saa 5. Angeokoa saa 1 nzima. Basi kuongeza kilomita 1.2 tu kwenye kasi ya kupanda kunafaa zaidi kuliko kuongeza kilomita 30 kwenye kasi ya kushuka. Muda umelala kule kwenye upole, na anayetaka kuupunguza sharti aende kuutafuta huko.

Na ile kilomita 30 ya mteremko haitolewi bure. Katika somo la fizikia tumejifunza kwamba nguvu iliyomo katika kitu kinachokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukizidisha kasi mara mbili, breki zina kazi mara nne ya kukusimamisha, na kwa breki zile zile njia ya kusimama huwa ndefu mara nne. Weka mikungu ya ndizi juu yake na kona mbele yako, utajua bei ya zile dakika 36.

Kaka yangu alinyamaza kidogo, halafu akaniambia, "Basi sasa umejua kwa nini tunashika kamyo." Nami kweli nilijua. Wengi wenu mmewaona wale vijana wanaoshika malori nyuma ili yawavute mlimani. Tuseme lori linapanda kwa kilomita 20 kwa saa. Kilomita 36 zinakwisha kwa saa 1 na dakika 48 badala ya saa 6. Kwa kushuka kwa 30 kama kawaida, safari nzima ni saa 3 tu, na wastani ni 24. Vijana hawa hawakusoma kanuni yetu, lakini miguu yao imewafundisha kwamba muda unapotea mlimani, na kule ndiko wanakouokoa. Siandiki haya ili kuwasifu. Wako waliopoteza maisha nyuma ya malori hayo, lori liliporudi nyuma au mkono ulipoteleza. Nasema tu kwamba hesabu inaeleza tamaa yao, na anayetaka kuwakataza afadhali aijue kwanza.

Kabla sijamaliza, nina tahadhari mbili kwa watakaofanya mtihani. Ya kwanza, kanuni ya 2ps ÷ (p + s) ni ya umbali ulio sawa pande zote mbili. Mtu akienda kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine iliyo ndefu zaidi, iache kanuni hiyo, urudi kwenye msingi wetu, yaani umbali wote kugawanya kwa muda wote. Msingi huo haukosei mahali popote. Ya pili, soma vizuri kama mapumziko yamo katika swali. Kaka yangu akikaa sokoni saa 2 na dakika 48, safari yake kutoka mlangoni mpaka mlangoni ni saa 10, na wastani wake ni kilomita 7.2 kwa saa. Umbali haukubadilika, ni muda uliorefuka.

Na ukitaka kulipima jibu lako kabla hujalitoa, litazame hivi: lazima liwe kati ya kasi mbili, liwe karibu zaidi na ile ndogo, na lisifikie mara mbili ya ile ndogo. Ile 18 yetu ingepimwa hivi ingeanguka mara moja, maana mara mbili ya 6 ni 12.

Nawaachia zoezi moja. Mtu anapanda mlima kwa kilomita 5 kwa saa. Ashuke kwa kasi gani ili wastani wa safari yote uwe 8? Na ashuke kwa kasi gani ili uwe 10? Sehemu ya kwanza jibu lake ni 20. Sehemu ya pili mtaijibu wenyewe, na kama mmenifuata tangu mwanzo hamtahitaji kalamu.

Ama kaka yangu, jeraha lake limepona. Bado anashusha ndizi, na kuhusu malori hajaniahidi kitu. Lakini juzi aliniambia kwamba siku hizi anatoka nyumbani nusu saa kabla ya wakati wake wa zamani, na mteremko anaushuka polepole, mkono kwenye breki. Nusu saa ile aliyokuwa akiitafuta kwenye kona, ameikuta kitandani.